Shajara ya mradi: sura ya Ami kutoka mikanda ya 1994

Jumatatu, 3 Februari

Mikanda mitatu ya VHS imefika studio kwetu Kikwajuni, imefungwa ndani ya kanga na inanukia udi. Imetoka kwa Bi Mkubwa, mkewe Ami, ambaye kabla ya kuitoa alitaka kujua ni nani hasa atakayeitazama harusi ya dada yake. Nikamwambia ni mimi na mwenzangu wa kamera tu, na kwamba sura za watu wengine wote, wanawake kwa wanaume, zitafutwa siku ile ile tutakayoitenga ya Ami. Aliniangalia kwa muda, halafu akanikabidhi.

Niandike kazi yenyewe, maana baada ya mwezi nitasahau tulianzaje. Tunatengeneza filamu fupi. Ami ana miaka 71 na anaigiza mzee. Lakini kuna shoti tatu zinazomrudisha akiwa na miaka arubaini. Kijana mmoja ataigiza mwili na mwendo, na juu ya uso wake tutaweka sura ya Ami ya wakati ule, kwa modeli tutakayoifunza wenyewe. Ami ameyasoma makubaliano mstari kwa mstari, akatia saini, na chini akaongeza kwa kalamu yake: "Sura yangu isitumike kuuzia kitu." Tumeiacha hivyo hivyo.

Modeli ya namna hii hujifunza kwa kuangalia maelfu ya vipande vidogo vya picha, kila kimoja kikiwa na uso tu. Upande ambao haijawahi kuuona haiwezi kuubuni vizuri: jicho huteleza, pua huyeyuka. Kwa hiyo shajara hii inahusu vipande hivyo, jinsi ya kuvipata, kuvichambua na kuvipanga. Kufunza kwenyewe kutafuata.

Shoti zetu tatu ndizo zinazoamua tunahitaji nini. Ya kwanza amekaa barazani, anatazama mbele. Ya pili anainua kichwa polepole. Ya tatu yupo ukutani Forodhani, anageuka kuitazama jahazi inayopita, na kamera inabaki na shavu lake la kushoto. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi.

Mkanda wa harusi una ukungu mweupe kwenye ukingo. Huo hauingii kwenye deki mpaka usafishwe, kwa sababu ukungu huhamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo ukaenda kwenye mikanda mizima. Tumeuzungusha kwa mkono ukipita kwenye kitambaa chenye alikoholi ya isopropili. Mchana mzima umekwisha hapo.


Jumatano, 5 Februari

Mikanda yote imeshaingia kwenye kompyuta. Harusi ni saa mbili, mazoezi ya mchezo wa kuigiza ni saa moja na dakika 35, na mkanda wa tatu, Ami akizungumza barazani na mtu asiyeonekana, ni dakika 50. Jumla dakika 265. Kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 397,500, nyingi zikiwa nakala za jirani yake. Nimetoa tano tu kwa kila sekunde, zikabaki 79,500.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa haraka na nikaadhibiwa. Nilipozipanga fremu kwa ukali wa picha, zile zilizoongoza orodha zilikuwa mbovu kupita zote. Ami anapunga mkono, na ukingo wa mkono na wa uso umekatika mistari mistari kama meno ya chanuo. Sababu ni ya zamani kama mkanda wenyewe. Kamera za wakati ule za mfumo wa PAL hazikuchukua fremu nzima kwa mpigo mmoja. Zilichukua mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, nusu hamsini kwa sekunde, na kila nusu mbili zikaunganishwa kuwa fremu moja. Mtu akitulia huoni kitu. Akijitikisa, nusu mbili hazilingani na meno yanatokea. Na kipimo cha ukali kinapenda mno mistari myembamba yenye mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo fremu iliyoharibika kinaiona ndiyo safi.

Dawa ni kuzitenganisha nusu kabla ya kutoa fremu hata moja:

```
ffmpeg -i baraza.avi -vf "bwdif=mode=send_frame:parity=tff,fps=5,scale=768:576" fremu/%06d.png
```

Lile `scale=768:576` si pambo. Picha ya PAL imehifadhiwa kwa upana wa pikseli 720, lakini pikseli zake si za mraba, na ilikusudiwa kuonekana kwa upana wa 768. Ukiiacha kama ilivyo, uso unakuwa mwembamba kwa kiasi cha asilimia sita. Nilimwonesha Ami zote mbili simuni bila kumwambia ipi ni ipi. Akasema, "Huyu wa kwanza kafunga Ramadhani kabla ya mwezi kuandama."

Na `tff` inasema nusu ya juu ndiyo iliyotangulia. Kwa mkanda wa VHS ulioingizwa kwa kidude chetu cha USB ndivyo ilivyo. Mikanda midogo ya DV huanza na nusu ya chini. Ukikosea unajua mara moja ukitoa nusu zote hamsini na kuzipitisha moja moja: mtu anayetembea anakwenda hatua mbele, anarudi kidogo, anakwenda tena.


Alhamisi, 6 Februari

Kutafuta nyuso: `cv2.FaceDetectorYN`. Kumtenga Ami na wageni waalikwa: `cv2.FaceRecognizerSF`, ambayo inalinganisha kila uso na picha za mfano unazoipa. Uso mdogo kuliko pikseli 128 kwa upana nimeutupa bila kuuliza, kwa sababu kwenye VHS uso wa udogo huo hauna kitu ndani yake.

Mara ya kwanza niliipa mifano miwili, yote ya Ami akitazama kamera. Ikaniletea vipande 8,870. Nikazipitia zilizokataliwa, kazi ya saa mbili na vikombe vitatu vya kahawa, na humo nikamkuta Ami tele, karibu mara zote akiwa ametazama pembeni. Kumbe uso wa upande unafanana kidogo tu na uso wa mbele wa mtu yule yule, na alama yake inashuka chini ya kiwango. Nikaongeza mifano sita, mitatu ya kila upande, nikarudia. Sasa ni 9,412.

Wageni wote wamefutwa. Nimempigia Bi Mkubwa kumwarifu. Akauliza kama na dada yake amefutwa, nikasema ndiyo, akasema, "Basi yeye ungemwacha, alipendeza siku ile."


Jumapili, 9 Februari

Leo ni ukali, na leo kofia imenishinda akili kwa nusu siku.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unaipitisha picha kwenye kichujio kinachobakisha mabadiliko ya ghafla ya mwanga, yaani kingo, halafu unapima namba zilizobaki zimetawanyika kiasi gani. Picha yenye kingo kali ina mtawanyiko mkubwa, na iliyofifia ina mdogo. Nikapima, nikapanga kuanzia kubwa hadi ndogo, nikafungua mia za juu. Kumi na kitu kati yake uso umefifia kabisa, macho ni madoa mawili. Lakini kofia! Kofia ya viua, ile ya kushona kwa mkono yenye matundu na nyuzi, imetoka kali kila tundu. Kamera ilikuwa imeshika fokasi kwenye kofia, na uso umeinama kidogo nyuma yake. Kipimo hakijui uso ni nini. Kimehesabu matundu ya kofia na kuridhika.

Suluhisho ni kutopima kipande kizima. Unakileta kila kipande kwenye ukubwa mmoja, kwani bila hivyo uso mkubwa na mdogo havilinganishiki, kisha unapima kuanzia nyusi hadi mdomo tu:

```python
def ukali(uso):
    k = cv2.cvtColor(uso, cv2.COLOR_BGR2GRAY)
    k = cv2.resize(k, (128, 128), interpolation=cv2.INTER_AREA)
    k = cv2.GaussianBlur(k, (3, 3), 0)
    k = k[44:104, 24:104]
    return cv2.Laplacian(k, cv2.CV_64F).var()
```

Mstari wa `GaussianBlur` unachekesha, kuifuta picha kidogo ili upime ukali wake. Lakini mkanda wa VHS una chengachenga kila mahali, na chengachenga nazo ni mabadiliko ya ghafla. Bila mstari ule, sehemu za usiku za harusi zilikuwa zinapata alama kuliko mchana wa baraza.

Nikaweka kiwango kimoja, nikakisogeza mpaka macho yangu yaliporidhika, nikakata. Kutoka 9,412 zimebaki 3,870, safi kama sahani iliyooshwa. Nimelala na furaha.


Jumatatu, 10 Februari

Furaha imekwisha saa tatu asubuhi.

Nilitaka kupanga zile 3,870 kwa pembe. Nimekubaliana na mwenzangu tusiseme "kulia" na "kushoto", kwa sababu kulia kwake si kulia kwa anayetazama na tulishagombana mara mbili. Tunasema shavu gani linaonekana. Sifuri ni uso wa mbele, na kila nyuzi 15 ni folda moja, hadi 90 kila upande. Folda kumi na mbili.

Folda za katikati zimefurika. Za mwisho ni tupu. Nikafikiri nimekosea msimbo, nikarudi kupima pembe za vipande vyote 9,412 kabla ya kuchuja, nikaandika namba mbili mbili kwenye karatasi. Nyuso za mbele, chini ya nyuzi 30, zilikuwa 5,914 na zimebaki 3,355. Za kati, kati ya 30 na 60, zilikuwa 2,592 na zimebaki 474. Za upande, zaidi ya 60, zilikuwa 906. Zimebaki 41.

Yaani chekeche langu limeacha zaidi ya nusu ya nyuso za mbele na limetupa karibu zote za upande. Nililidhani linachagua ukali tu, kumbe lilikuwa linachagua pembe pia.

Nimekaa na hizo 865 zilizotupwa mpaka adhuhuri, na nimeona sababu mbili tofauti kabisa zilizojificha ndani ya namba moja.

Ya kwanza ni ya kweli. Watu hawakai wametazama pembeni mbele ya kamera. Wanapita hapo wakigeuka. Kichwa kinapogeuka kinakwenda mbio na fremu inaburuzika. Nyingi za 865 ni mburuzo halisi, pua imekuwa mswaki wa rangi. Hizo zimekufa kihalali.

Ya pili ni dhulma. Uso wa mbele una macho mawili, nyusi mbili, matundu ya pua, mdomo mzima, na vyote hivyo ni kingo. Uso wa upande una jicho moja, nusu ya mdomo na shavu pana lililo laini. Hata ukiwa mkali kabisa, kingo zake ni chache na alama yake iko chini. Niliweka vipande viwili sambamba. Kimoja ni cha mbele, kimefifia kidogo, alama yake 142. Kingine Ami anamsikiliza mtu, shavu la kulia, ametulia kama picha ya pasipoti, kope zinahesabika kwa kiasi VHS inavyoruhusu, alama yake 97. Kiwango changu kilikuwa 120. Kilipita kibovu, kikatupwa kizuri.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ulikuwa kinyume. Nilichuja kwanza nikapanga baadaye. Ilitakiwa kupanga kwa pembe kwanza, kisha kuchuja ndani ya kila folda, uso wa upande ushindane na nyuso za upande wenzake. Alama ya ukali ina maana tu baina ya nyuso zinazotazama upande mmoja.

Mwenzangu alipoingia nikamweleza. Akasema, "Ni kama mashindano ya ngalawa na boti ya injini." Namuachia hiyo, ni yake.


Alhamisi, 13 Februari

Kabla ya kuchuja upya ilibidi niziamini pembe zenyewe, na sikuziamini.

Njia yangu ya mwanzo ilikuwa ya kienyeji. Kitafuta nyuso kinatoa alama tano: macho mawili, ncha ya pua, pembe mbili za mdomo. Mtu akitazama mbele, pua iko katikati ya macho. Akigeuka, pua inalikaribia jicho la mbali. Uwiano wa masafa hayo mawili unakupa mgeuko, bure na haraka. Mpaka nyuzi hamsini hivi inafanya kazi vizuri. Zaidi ya hapo jicho la mbali halionekani tena, na kitafuta nyuso, badala ya kusema silioni, kinalikisia. Kinaliweka mahali fulani kwenye daraja la pua. Kuanzia hapo namba haina mguu wa kusimamia: kipande cha upande kamili kimeandikwa nyuzi 52, jirani yake 71.

Nimehamia `6DRepNet`, modeli inayokisia mgeuko, mwinamo na mlalo wa kichwa kutoka kwenye picha nzima bila kutegemea alama. Ni nzito kwa kompyuta yetu, na umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi. Tangu hapo skripti inaandika matokeo kwenye faili kila vipande mia.

Jinsi ya kujua kama namba ni za kweli: sizitazami namba. Natengeneza karatasi ya picha kwa kila folda, vipande 80 vilivyopangwa safu kwa safu, kwa mfuatano wa pembe, na macho yangu yanapita kama anayechambua mchele. Katika folda nzuri, uso unageuka polepole kutoka safu ya juu hadi ya chini. Chuya inaruka yenyewe machoni. Kwenye folda za mwisho nimetoa chuya 58 kwa mkono, nyingi zikiwa mkono umeziba kidevu au kitambaa cha mgeni kimepita mbele.

Kisha nikachuja ndani ya kila folda. Sikuweka asilimia. Nilizipanga kwa ukali na kukata pale jicho linapokataa. Kwa nyuso za mbele naangalia duara la mboni: kama lina ukingo, inapita. Kwa nyuso za upande mboni haitoshi, naangalia mstari wa tundu la pua na mkunjo wa sikio. Na hapa kuna mtego mwingine wa kofia. Uso ukiwa wa upande, dirisha langu la kupimia linaingiza ukuta ulio mbele ya pua. Ukutani kukiwa na pazia la maua, maua yanapata alama kwa niaba ya uso. Kwa folda nne za mwisho nimelisogeza dirisha nyuma, kuelekea sikioni.

Fremu zinazofuatana na zinazofanana nimebakisha moja kwa kila nusu sekunde, isipokuwa pale kichwa kilipogeuka zaidi ya nyuzi tatu. Na kila folda ina kikomo cha vipande 300, la sivyo mazungumzo ya baraza yangeimeza seti nzima.

Nyuso za upande sasa ni 131. Bora kuliko 41, bado ni kidogo.


Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala nimerudi na wazo moja lililonijia njiani. Mtu akigeuka, kichwa kinaburuzika katikati ya safari, lakini kikifika mwisho kinasimama kidogo kabla ya kurudi. Kisimamo hicho ni kifupi sana, na mimi nilitoa fremu tano tu kwa sekunde. Nilikuwa napita juu yake.

Nimekusanya nyakati za kila mgeuko mkubwa, 46 kwa jumla, na kwa kila mmoja nimerudi kwenye mkanda na kutoa sekunde mbili kwa nusu zote hamsini:

```
ffmpeg -ss 00:41:16 -t 2 -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff,scale=768:576" kipande/%04d.png
```

Fremu mia kwa mgeuko, 4,600 kwa jumla, na nyingi ni takataka. Ila katika mgeuko wa 00:41:16, Ami anaitwa na mtu aliye nje ya picha. Fremu 1 hadi 38 ni mburuzo. Fremu 39 hadi 45, chini ya sehemu moja ya saba ya sekunde, kichwa kimesimama na sikio linaonekana mpaka mkunjo wa ndani. Kuanzia 46 mburuzo tena. Katika utoaji wangu wa mwanzo, fremu iliyokuwa karibu zaidi iliangukia kwenye mburuzo.

Nyuso za upande: 228.

Lakini hazilingani. Shavu la kulia, nyuzi 60 hadi 75, ni 118, na 75 hadi 90 ni 37. Shavu la kushoto ni 64 na 9. Tisa! Mpiga picha wa harusi alikaa upande mmoja wa ukumbi tangu mwanzo hadi mwisho, na barazani kamera ilikuwa upande huo huo. Na shoti ya Forodhani inataka shavu la kushoto.

Mwenzangu akasema tugeuze picha kama kwenye kioo, za kulia ziwe za kushoto. Kwa sura nyingi ungeweza kujaribu. Ami ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka kwenye mkungu utotoni. Picha za shavu la kulia zikigeuzwa zinatupa shavu la kushoto lisilo na kovu. Modeli itajifunza kuwa uso wa mbele una kovu na wa upande hauna, na kijana anapogeuka kutazama bahari, kovu litazimika machoni mwa watu kama taa. Tumekataa.


Jumanne, 18 Februari

Nilimwambia Ami tatizo letu kwa simu, Jumamosi, nikijaribu kutotumia neno la kompyuta hata moja. "Ami, tunakosa shavu lako la kushoto." Akacheka sana. Halafu akanyamaza, akasema, "Kaka yangu Wete ana mkanda wa bao."

Mkanda umevuka na abiria mmoja kwa boti kutoka Mkoani, na asubuhi nimeupokea bandarini Malindi, ndani ya mfuko wa karafuu. Mtu mmoja ameshaniuliza kama studio tumefungua biashara ya karafuu. Ni dakika 40 za mchezo wa bao chini ya mwembe, mwaka ule ule, kamera imewekwa juu ya kiti na kuachwa. Ami yuko upande mmoja wa ubao, anaonekana shavu la kushoto tangu mwanzo hadi mwisho, na mcheza bao hageuzi kichwa ovyo. Ametulia. Mburuzo hakuna, ila mkono unaosambaza kete.

Nimeupitisha njia yote tangu mwanzo, kwa mpangilio uliorekebishwa. Nyuzi 60 hadi 75 zimepanda kutoka 64 hadi 171. Nyuzi 75 hadi 90, kutoka 9 hadi 58.

Nilifurahi mpaka nilipozipanga kwa mwinamo. Anayecheza bao anatazama bao. Karibu zote 156 zilizoongezeka kichwa kimeinama nyuzi ishirini au zaidi. Kwa hiyo seti sasa inalijua shavu la kushoto lililoinama, na lile lililonyooka kutazama mbali linalijua kwa zile chache za mwanzo. Pia mwanga ni wa kivuli cha mwembe, madoa ya jua kwenye paji la uso, na 12 nimezihamishia folda ya kando kwa sababu doa limeanguka juu ya kovu.

Hizo 12 zimo bado kwenye hesabu, maana ukali wake hauna kosa. Nitaziamua baadaye.


Ijumaa, 21 Februari

Seti imefungwa. Nyuso za mbele 1,200, za kati 1,102, za upande 384. Jumla 2,686, kutoka mikanda minne. Zile 12 zimebaki ndani. Nilizitazama tena leo, kovu linaonekana pembezoni mwa doa. Diski moja iko studio, nakala iko kwa Ami kabatini, kama makubaliano yanavyosema, na hakuna nakala nyingine.

Mchana amekuja mwenyewe na Bi Mkubwa. Nikamwekea karatasi za picha kwenye skrini, folda kwa folda, uso wake wa miaka arubaini ukigeuka kutoka sikio hadi sikio. Bi Mkubwa alisimama kwenye folda ya bao kwa muda mrefu. "Mchezo huu alishindwa," akasema. Ami akasema si kweli.

Tukaongea na mwongozaji kuhusu shoti ya tatu. Nikamwonesha folda ya shavu la kushoto na nikamweleza wazi: akitazama jahazi kwenye upeo wa bahari, kichwa kimenyooka, tuna vipande vichache na nisiahidi. Akitazama chini, tuna vya kutosha. Alifikiri kidogo, akauliza saa ngapi watoto wanaruka majini pale ukutani Forodhani. Jioni, nikamwambia, kuanzia saa kumi na moja.

Jahazi imetolewa. Ami wa 1994 atawatazama watoto wakipiga mbizi. Shoti tunaipiga Jumapili.